Chunusi Ziliisha, Krimu Ikaniachia Madoa Mapya

Agosti 2022 nilitokwa na chunusi kwa wingi ambao sikuwahi kuupata hata nikiwa kidato cha pili. Zilianzia kidevuni, zikapanda kwenye taya, zikajaza mashavu yote mawili. Kufikia Desemba nyingi zilikuwa zimekauka zenyewe, lakini kila moja iliacha alama yake: doa bapa, jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, lisilouma wala kuwasha. Siku moja nikasimama mbele ya kioo nikayahesabu. Shavu la kulia 19, la kushoto 24.

Ngozi yangu ni ya kahawia iliyokolea, na sikuwa na haja ya kuwa mweupe. Nilitaka tu uso wangu urudi rangi moja. Nayaandika haya kwa ajili ya anayesimama sasa mbele ya rafu, mkono mmoja ameshika seramu ya niasinamidi na mwingine krimu ya asidi ya azelaiki, kama nilivyosimama mimi. Vitu vyote viwili ni vya kufifisha madoa, na vinafanya kazi. Mimi vilinifanyia kazi. Lakini kabla ya kunisaidia viliniharibu, na kosa halikuwa lao.

Januari 2023 nilipopata mshahara nilishuka mjini Nairobi hadi barabara ya Dubois, kule kwenye maduka ya vipodozi yaliyopangana ghorofa kwa ghorofa. Nilikuwa nimesoma usiku kucha kwenye simu, nikaenda na orodha. Nikarudi na seramu ya niasinamidi ya asilimia 10, krimu ya azelaiki ya asilimia 20, maji ya kupangusia uso yenye asidi ya glikoliki, na skrabu ya punje punje aliyonisifia rafiki yangu wa kazini. Jumla shilingi 6,400. Losheni ya kukinga jua sikununua. Pesa zilikuwa zimeisha, tena nilidhani losheni hiyo ni ya wazungu wanaoungua ufukweni Diani.

Usiku huohuo nikaanza na vyote. Skrabu, kisha maji ya glikoliki, kisha seramu, kisha krimu ya azelaiki uso mzima, nene, kama napaka siagi kwenye mkate. Asubuhi tena hivyohivyo isipokuwa skrabu. Krimu ilinichonyota tangu usiku wa kwanza. Nilikuwa nimesoma kwamba azelaiki huchonyota mwanzoni na watu huzoea, basi nikavumilia. Nilivumilia kwa bidii ambayo laiti ningeitumia mahali pengine.

Siku ya tisa nilinawa uso kwa maji ya bomba tu, na maji yakachonyota. Ngozi ilikuwa imekakamaa, inang'aa kama imepakwa vanishi, na pembeni mwa pua na kwenye pembe za mdomo ilikuwa inababuka. Nikatafsiri kwamba ngozi ya zamani inatoka. Nikaendelea. Krimu ya gramu 30 niliimaliza kwa wiki tatu, nikanunua nyingine.

Kwenye wiki ya tano nilikwenda nyumbani Machakos kwa mazishi. Mama alinipokea mlangoni, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga.

"Mwanangu, umeungua na mvuke?"

"Hapana, Mama. Ni dawa ya madoa."

"Dawa ya kuyaondoa au ya kuyaleta?"

Hakuwa anatania, na sikuwa na jibu. Jioni ile nilijitazama vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Madoa ya chunusi yalikuwa palepale. Kilichoongezeka ni ukungu wa masizi kuzunguka mdomo na chini ya taya, usio na umbo la chunusi hata kidogo. Ulikuwa na umbo la krimu. Uliishia mahali vidole vyangu vilipokuwa vinaishia. Nililia bafuni, nimefungulia maji ili nisisikike.

Niliporudi Nairobi nikafanya kosa la pili, ambalo nitalisimulia kwa ufupi kwa sababu ni la hatari zaidi na halihitaji maneno mengi. Muuzaji mmoja alinipa kopo dogo jeupe lisilo na lebo, akaliita mchanganyiko, shilingi 1,500, akaniahidi uso laini ndani ya siku saba. Nililipaka usiku mbili. Usiku wa tatu nikaogopa, nikaliweka kwenye mkoba, na hatimaye nikafanya nilichopaswa kufanya Desemba: nikamwona daktari wa ngozi. Ada yake ilikuwa shilingi 3,500, zaidi kidogo ya theluthi ya nilizokuwa nimeshamwaga kwenye chupa na makopo.

Jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa kama napaka kitu chochote kisicho na lebo. Nikatoa kopo. Akanieleza kwamba vikopo vya namna hiyo mara nyingi huwa na steroidi kali, au haidrokwinoni, au zebaki, vitu ambavyo Kenya imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Steroidi huufanya uso upendeze haraka kwa sababu inazima uvimbe na kupunguza rangi, lakini ngozi inakuwa nyembamba, na siku ukiacha chunusi zinafumuka upya nyingi kuliko za mwanzo. "Ukiona kitu kinaondoa madoa kwa wiki moja," aliniambia, "jiulize kimewekwa nini." Kopo lile lilibaki kwenye pipa lake.

Kisha akauangalia uso. Akaivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili ikatanuka, akanielekeza kioo. Doa lilibaki bapa, halikuwa na shimo. Hiyo ilikuwa habari njema, maana krimu hizi zinashughulikia rangi tu. Shimo lililoachwa na chunusi halijazwi na niasinamidi wala azelaiki, upake miaka mitatu. Akaniuliza yapi niliyaminya. Nikamwonyesha mawili kwenye taya ya kushoto, makubwa kama punje za dengu, yenye rangi ya kijivu kuelekea bluu badala ya kahawia. Akasema hayo nisiyapangie tarehe. Rangi yake imezama chini ya tabaka la juu, na huko krimu haifiki vizuri.

Halafu akanieleza kitu ambacho kingeniokoa ningekijua Januari, nami nakiandika kama nilivyokielewa. Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza melanini, rangi yetu. Ngozi ikivimba au ikiumia, seli hizo hushtuka zikatengeneza rangi kupita kiasi, na kuzigawia seli za jirani. Seli jirani zinapanda na rangi hiyo polepole hadi juu, kisha zinapukutika. Kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia mshtuko huo ni mkubwa na unakaa muda mrefu. Sasa, seli hizo hazibagui. Chunusi ni jeraha, msuguano wa skrabu ni jeraha, krimu iliyochoma ngozi wiki tano ni jeraha. Ukungu uliozunguka mdomo wangu ulikuwa wa aina ileile na madoa niliyokuwa nayatibu, ila huu niliutengeneza kwa mkono wangu.

Nikamuuliza dawa hizi mbili zinafanya nini hasa, akatumia mfano wa jikoni ambao sijausahau. Azelaiki inapunguza upishi: inabana kimeng'enya kiitwacho tirosinasi, ambacho bila hicho melanini haipikwi. Niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, haigusi upishi. Inazuia upakuzi, yaani rangi iliyokwisha kupikwa isigawiwe seli za jirani. Ndiyo maana zinafaa pamoja. Lakini rangi iliyokwisha kuingia kwenye sahani haina wa kuirudisha jikoni. Hiyo inasubiri seli zenyewe zipande na kupukutika, na safari hiyo moja tu inachukua wiki nne au zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kila mtu anayeahidi siku saba anadanganya.

Azelaiki ina faida nyingine iliyonifanya niipe nafasi ya kwanza: inatibu chunusi zenyewe. Inapunguza bakteria wanaohusika na chunusi, inazuia vinyweleo visizibe na inatuliza uvimbe. Kutibu madoa huku chunusi mpya zinaendelea kutoka ni kupiga deki wakati bomba linavuja. Chunusi zangu zilizokuwa zimebaki zilikuwa chache, akasema azelaiki itazitosha bila dawa nyingine. Mwenye chunusi kubwa zinazouma asitegemee hii peke yake.

Nilitarajia atoke na karatasi ndefu ya dawa. Badala yake akanipa wiki nne za kutopaka dawa yoyote. Sabuni laini ya uso isiyo na manukato, mara mbili kwa siku, kwa mikono na si kwa kitambaa. Losheni ya kawaida ya kulainisha ngozi, isiyo na manukato pia. Na losheni ya kukinga jua kila asubuhi. Skrabu na maji ya glikoliki niligawa. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kwa sababu nilihisi napoteza muda, ila siku ya kumi na mbili maji ya bomba hayakuchonyota tena. Hicho ndicho kipimo alichonipa: kama maji matupu yanachonyota, ngozi haijapona, na dawa yoyote utakayoweka juu yake itatengeneza doa.

Hiyo losheni ya jua inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo niliyoidharau zaidi. Nairobi iko karibu na ikweta, tena kwenye kimo cha karibu mita 1,800, na miale ya jua inayotia ngozi weusi inatufikia hata Julai ile ya mawingu ambayo watu wanavaa majaketi hadi saa saba mchana. Miale mingine inapita kwenye kioo cha dirisha. Mimi naishi upande wa Kasarani na nafanya kazi mjini. Kila siku nilikuwa nakaa upande wa kushoto wa matatu, dirishani, kwa sababu sipendi kukanyagwa na wanaoshuka. Fikiria barabara ya Thika inavyoelekea: asubuhi ukiingia mjini, jua la mashariki liko upande wako wa kushoto, na jioni ukirudi, jua la magharibi nalo liko kushoto. Muda wa saa moja asubuhi, muda wa saa moja na nusu jioni kwenye foleni, shavu lilelile. Sijui kama ni hilo peke yake lililofanya shavu la kushoto kuwa na madoa yaliyokolea zaidi, lakini tangu siku ile nakaa kulia.

Losheni ya jua ya kwanza niliyonunua iliniachia weupe wa majivu, nikawa kama nimepaka chokaa. Daktari aliponishauri nitafute yenye rangi, nilidhani ni urembo. Kumbe rangi ile ni oksidi ya chuma, jamaa wa kutu, na ina kazi yake: inazuia hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao kwenye ngozi nyeusi nao unakoleza madoa. Nikapata yenye SPF 50 ya rangi ya kahawia kwa shilingi 1,650, chupa ya mililita 50. Kiasi ni mistari miwili iliyojaza vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Kwa kiasi hicho chupa inanifikisha kama wiki sita. Yako ikikufikisha miezi minne, hujipaki ya kutosha.

Mwishoni mwa Aprili nikarudi kwenye azelaiki. Ilikuwa krimu ileile ya asilimia 20, kutoka kampuni ileile. Tofauti ilikuwa mimi.

Kwanza kiasi. Uso mzima unatosheka na mstari wa sentimita mbili na nusu kutoka kwenye tyubu, sawa na nusu gramu. Piga hesabu: tyubu ya gramu 30, ukipaka usiku tu, inakwenda siku 60. Mimi niliimaliza kwa siku 21, zaidi ya gramu moja na theluthi kwa siku. Hata kama ngozi yangu ingekuwa ya chuma, hicho si kipimo cha mtu anayeanza.

Pili mpangilio. Wiki mbili za kwanza nilipaka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usiku. Nanawa, nakaa kama dakika ishirini uso ukauke kabisa, kwa sababu kwenye ngozi yenye maji inachonyota zaidi. Napaka losheni ya kulainisha kwanza, tabaka jembamba, kisha azelaiki juu yake. Losheni inapunguza makali. Pembe za mdomo, kingo za pua na kope nazipaka mafuta ya mgando kabla, krimu isitambae huko. Wiki ya tatu na ya nne ikawa usiku mmoja nipake, mmoja nipumzike. Kuanzia wiki ya tano kila usiku. Kuna wanaopaka asubuhi pia, na maelekezo ya tyubu yanaruhusu. Mimi sikufika huko, na sikuona haja.

Tatu, na hili ndilo ningeomba usome mara mbili, ni kutofautisha kuchonyota na kuchonyota. Azelaiki inawawasha watu wengi mwanzoni. Hisia ya kawaida ni kama sisimizi wanatembea usoni, inaanza dakika chache baada ya kupaka, inafika kileleni, inatulia ndani ya nusu saa. Asubuhi unaamka hakuna kitu: ngozi ni laini, maji hayachonyoti, hakuna kubabuka. Hiyo unaweza kuendelea nayo, na kwangu ilipungua wiki hadi wiki, kufikia ya sita nikawa siihisi tena. Hisia mbaya ina dalili za asubuhi. Unaamka uso umekakamaa, unang'aa bila mafuta, unachonyota ukinawa, unababuka kando ya pua, au mahali ulipopaka pamekuwa peusi au pekundu kuliko shingo yako. Ukiona hata moja kati ya hizo, acha usiku tatu au nne, paka losheni ya kawaida tu, kisha rudi kwa hatua moja nyuma. Uwekundu kwenye ngozi yetu ni mgumu kuuona, kwa hiyo usiusubiri. Sikiliza maji.

Mwezi wa Juni, baada ya usiku mbili mfululizo za kula vumbi la ujenzi mtaani, niliamka na dalili hizo. Zamani ningesema dawa inafanya kazi. Nikaacha usiku nne, nikarudi kwa usiku wa kupishana, haikuacha doa.

Niasinamidi niliiongeza Juni mwishoni, peke yake asubuhi, ili ikileta shida nijue ni nani. Seramu yangu ya asilimia 10 sikuirudia. Daktari alisema asilimia 4 au 5 inatosha, na kwamba kuongeza namba hakuongezi kazi kwa kiwango hicho ila kunaongeza uwezekano wa kuwasha. Nikapata losheni ya kulainisha ambayo tayari ina niasinamidi ya asilimia 5, kwa shilingi 1,300, nikaitumia badala ya ile ya kawaida. Nikaokoa hatua moja na chupa moja. Hii haikuniwasha hata siku moja. Kuhusu maneno yanayozunguka kwamba niasinamidi haiwezi kutumika pamoja na asidi kwa sababu zinaharibiana, kwa matumizi ya kawaida ya usoni si tatizo la kukunyima usingizi. Mimi naziachanisha asubuhi na usiku kwa sababu nyingine tu: nikizipanga zote pamoja zinajikunja kuwa vijipande kama vya kifutio, na losheni ya jua haikai juu yake.

Kuna jambo dogo la msusi. Madoa ya kwenye paji la uso yalikuwa yanazaliwa upya kila nikitoka kusuka. Jeli ya kulaza nywele na mafuta mazito yalikuwa yanashuka na jasho na kuziba vinyweleo kwenye mstari wa nywele. Sasa namwomba dada anayenisuka aanzie sentimita moja nyuma, na nikifika nyumbani napangusa paji kabla ya kulala. Paji limetulia.

Maendeleo niliyapima kwa picha, maana kioo cha kila siku kinadanganya. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa moja asubuhi, dirisha lilelile la sebuleni, pazia wazi, bila jua la moja kwa moja, simu ileile bila kurembesha picha. Juni, mwezi mmoja na kidogo tangu nianze: hakuna tofauti. Nilimpigia rafiki yangu nikamwambia nimetupa pesa tena. Julai, labda. Agosti ndipo nilipoweka picha ya Aprili kando ya mpya na nikaona ukungu wa mdomoni umefifia kwa nusu na madoa madogo ya shavu la kulia yameanza kupoteza kingo zake. Huo ulikuwa mwezi wa nne. Madoa hayaondoki kwa kufutika katikati, yanaanza kwa kulegea pembeni, na ukijua hivyo unaacha kukata tamaa mapema. Novemba, mwezi wa saba, kulia yalibaki 4 kati ya 19. Kushoto 9 kati ya 24. Ukungu ulikuwa umekwisha.

Gharama za miezi hiyo saba: tyubu nne za azelaiki kwa shilingi 1,900 kila moja, chupa tano za kukinga jua, losheni za niasinamidi tatu, sabuni mbili, na kumwona daktari mara mbili. Inakaribia shilingi 28,000, ambazo si kidogo, na sitamdanganya mtu kwamba ni kidogo. Ukilazimika kuchagua, mpangilio wangu ungekuwa losheni ya jua kwanza, azelaiki ya pili, niasinamidi ya tatu. Niasinamidi bila kinga ya jua niliwahi kuiona ikifanya kazi kwa mtu mmoja tu, naye hatoki nyumbani mchana.

Mawili ya kwenye taya, yale niliyoyaminya, bado yapo. Yamekuwa mepesi kidogo, rangi ya kijivu imebaki. Daktari alinitajia matibabu mengine ya kliniki, akaniambia pia kwamba kwenye ngozi yangu yana hatari yake ya kuleta weusi mpya yakifanywa kwa pupa. Nimeamua kusubiri.

Mwezi uliopita binamu yangu alinijia na madoa yake na tyubu mkononi. Ana ujauzito wa miezi mitano. Azelaiki ni mojawapo ya dawa chache za chunusi ambazo madaktari huruhusu wakati huo, lakini nilimwambia aende nayo kliniki kwanza, na alikwenda, wakamkubalia. Alitaka kuanza uso mzima usiku uleule. Nikamkamulia kiasi cha punje ya mchele, akapaka chini ya taya, karibu na sikio, usiku tatu mfululizo. Usiku wa pili alinipigia saa nne.

"Dada, inawasha."

"Tangu saa ngapi?"

"Dakika kumi hivi."

"Angalia saa. Ikifika nusu saa niambie."

Saa nne na dakika ishirini na tano akatuma ujumbe kwamba imetulia. Asubuhi akanawa, maji hayakuchonyota. Sasa anapaka Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na picha yake ya kwanza ya dirishani ameshaipiga.